Meseji ya mwezi wa tatu

2019 nilikua Mwanza, nimepanga Kirumba, shoga yangu wa kazini akaniingiza kwenye mambo ya uwekezaji, unaweka laki 5 mara moja, halafu kila mwezi unapata asilimia 30, yani laki na nusu inaingia kwenye simu yako umekaa tu. Nikamuuliza hiyo faida inatoka wapi, akasema ni biashara ya fedha za kigeni. Kiongozi wao alikua na cheti cha BRELA amekilaminisha, mi nikaona basi wako kihalali. Kumbe BRELA inasajili kampuni tu, kukusanya amana za watu ni leseni ya Benki Kuu na hiyo hatukuonyeshwa.

Kitu kingine nilikiona kwa macho yangu nikakiacha kipite: wakati natuma hela, kabla sijaweka namba ya siri simu ilinionyesha jina la mtu, sio la kampuni.

Mwezi wa kwanza laki na nusu ikaingia, wa pili ikaingia. Hapo ndo nikamwambia jirani yangu fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na yeye akachukua mkopo kwenye kikoba akaingia.

Mwezi wa tatu meseji ikaja, "Umepokea Tsh150,000 kutoka kwa", nikasoma jina mara mbili. Ni la jirani yangu.

Nikaenda kwake jioni hiyo hiyo. Akanifungulia simu yake, aliambiwa agawe laki 5 yake mara mbili, laki na nusu namba hii, laki 3 na nusu namba ile, na namba ya kwanza ilikua yangu, alikua hajaangalia vizuri! Tukakaa na karatasi ya kukatia vitambaa tukapiga hesabu. Watu 10 wakidai laki na nusu kila mmoja ni milioni na nusu, hiyo ni hela ya watu wapya 3, mwezi unaofuata mko 13 wanatakiwa karibu 4, ukienda hivyo mwaka mzima mnatakiwa kuwa kama watu 230, miaka miwili zaidi ya 5,000, na hakuna mahali hela inazaliwa, inahama tu simu hii kwenda ile.

Nikampigia kiongozi nikaomba mtaji wangu. Akasema umefungwa miezi sita, nilivyong'ang'ania akasema sawa dada, tuma kwanza asilimia 10 ya ada ya kutolea. Sikutuma. Wiki mbili baadae namba haipatikani.

Jirani nilimrudishia laki na nusu yake usiku ule ule. Ile laki 3 na nusu nyingine hakunidai, ila mimi ndo niliyemwingiza, nikawa nampelekea elfu 50 kila mwisho wa mwezi kabla ya siku ya kikoba, miezi saba.