Barua ya Bei ya Boza, Septemba 2023

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilitangaza bei mpya za mafuta. Dizeli jijini Nairobi ilitoka Sh 179.67 hadi Sh 200.99 kwa lita. Kwa biashara ya kusambaza maji kwa maboza habari hiyo haikuwa na fumbo, kwani lori halinywi kitu kingine. Siku chache kabla ya hapo mwenye kisima tunakojazia alikuwa ametuarifu kwamba mzigo wa lita 10,000 utapanda kutoka Sh 2,000 hadi Sh 2,200. Mzee mwenye malori aliniita na kusema, "Andika barua. Na usiandike ile ya kila mtu."

Ile ya kila mtu tunaifahamu sote: "Kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji, tunasikitika kuwaarifu..." Ubaya wake si ukavu. Ubaya ni kwamba mteja hana pa kuishika. Gharama zipi, na zimepanda kwa kiasi gani? Akikosa jibu kwenye karatasi, hujijibu mwenyewe, na jibu lake halikupendelei.

Kwa hiyo hesabu ilitangulia barua. Kishawishi cha kwanza kilikuwa kusema dizeli imepanda kwa karibu asilimia 12, basi na bei ipande vivyo hivyo: kutoka Sh 6,000 kwa boza hadi Sh 6,720. Hilo ni kosa, na mteja mwenye kikokotoo atalinasa. Dizeli ni sehemu tu ya ile Sh 6,000. Humo mna maji yenyewe, dereva na utingo, matairi, bima na faida.

Tukachukua safari moja ya kawaida, kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Lori lililobeba tani 10 za maji hutembea kama kilomita mbili na nusu kwa lita, kwa hiyo kwenda ni lita sita. Kurudi likiwa tupu ni kama lita nne. Kisha injini hubaki ikinguruma wakati pampu inasukuma maji hadi tangi la juu ya paa, na hapo huenda lita mbili nyingine. Watu wengi husahau hizo lita mbili kwa sababu gari limesimama. Jumla ni lita 12. Zidisha kwa nyongeza ya Sh 21.32, unapata Sh 256. Ongeza Sh 200 za kisima, ni Sh 456 kwa boza.

Mzee aliamua tutoze Sh 400: Sh 200 za maji na Sh 200 za dizeli, na ile 56 iliyobaki tuibebe wenyewe. Kuzigawa hivyo mafungu mawili hakukuwa mapambo ya barua. Dizeli hutangazwa upya kila mwezi na huweza kushuka, ilhali bei ya kisima ikishapanda hairudi. Ukichanganya vyote katika tarakimu moja, mteja atakudai punguzo la vyote siku dizeli itakaposhuka.

Barua ilitoka Jumatatu tarehe 18, ukurasa mmoja. Bei mpya ilikaa kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu anayeificha kwenye aya ya tatu huonekana ana cha kuficha: "Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023, boza la lita 10,000 litakuwa Sh 6,400 badala ya Sh 6,000." Hesabu ya lita 12 ikafuata kwa mistari minne, kisha hivi:

"Maji yatakayoagizwa hadi saa kumi jioni, Jumamosi tarehe 30 Septemba, yatatozwa bei ya zamani hata kama yatafika Oktoba. Bei hii haitaguswa kabla ya tarehe 31 Desemba. EPRA ikitangaza dizeli chini ya Sh 180 kwa Nairobi miezi miwili mfululizo, zile Sh 200 za dizeli zitaondolewa kuanzia mwezi unaofuata."

Sentensi ya kuagiza ndiyo iliyotuokoa. Barua nyingi huandika tu "kuanzia Oktoba", na ugomvi huzuka papo hapo: ni Oktoba ya kuagiza, ya kufikisha au ya kutoa ankara? Mwisho wa Septemba foleni kisimani ilikuwa ndefu, na mizigo iliyoagizwa Jumamosi ilifika Jumapili. Ucheleweshaji ulikuwa wetu, kwa hiyo mteja hakustahili kuulipia. Mzee aliogopa kwamba watu wangeagiza kwa fujo kabla ya tarehe, lakini maji si sukari. Tangi likijaa limejaa.

Jambo lililohitaji kazi zaidi kuliko maneno lilikuwa nani aipokee. Kwenye majumba ya kupangisha, anayetupigia simu na kutia sahihi ya kupokea mzigo ni mlinzi wa nyumba, lakini anayelipa ni wakala wa mwenye nyumba, ambaye pengine hata lango halijui. Barua ikiishia kwa mlinzi, wakala atakutana na bei mpya kwenye ankara, na hapo umeshaharibu. Tuliipeleka kwa kila anayelipa, tukaweka na mstari mmoja chini ya ankara ya Septemba. Kwa jumba la nyumba 32 linalotumia maboza manane kwa mwezi tuliongeza kwamba Sh 3,200 za nyongeza ni Sh 100 kwa kila nyumba, maana wakala naye ana wapangaji wa kuwaeleza.

Mhasibu wa shule moja alipiga simu siku ya pili. "Bwana, barua yako nimeielewa, lakini mimi nina LPO ya Sh 6,000 hadi muhula uishe. Ankara ya 6,400 mfumo utaikataa." Alikuwa sahihi. LPO ni hati ya kuagizia; ikishatolewa, bei yake ndiyo inayolipwa, na barua haiifuti. Tulikubaliana shule iendelee na bei ya zamani mpaka hati iishe, kisha mpya itolewe kwa Sh 6,400.

Oktoba 14 dizeli ikapanda tena, hadi Sh 205.47. Hiyo ni kama Sh 54 zaidi kwa safari, na kwa kuwa tulikuwa tumeahidi mpaka Desemba, tuliimeza. Desemba ilipopita hatukugusa bei, kwani dizeli ilikuwa imeanza kuteremka, na Mei 2024 ikatangazwa kwa Sh 179.18. Mzee akasema tungoje ule mwezi wa pili kama tulivyoandika. Juni ikaja Sh 173.10.

Tarehe 15 Juni tukatoa barua fupi: kuanzia tarehe 1 Julai, Sh 6,200. Hakuna aliyeuliza kwa nini si 6,000, kwa kuwa lile fungu la kisima walilijua tangu Septemba. Shule tu ndiyo iliyorudisha ankara ya Julai. LPO yao sasa ilisema Sh 6,400, na mfumo haukubali bei iliyo chini ya hati kama usivyokubali iliyo juu. Mhasibu akacheka, akatoa hati mpya, nasi tukalipwa wiki mbili baadaye.