Maandishi matatu, lugha tatu, na misalaba ya shaba

Wiki hii yote nimekuwa na vibao tu. Kuna maonyesho madogo yanaandaliwa hapa Dar, mada yake ni shaba ya Katanga huko Kongo, na mimi kazi yangu ni maandishi ya ukutani, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kila kitu kwa urefu wa aina tatu. Kuna mfupi wa kusoma ukiwa unapita, wa kati wa mtu aliyesimama, na mrefu ambao hauendi ukutani kabisa, unawekwa kwenye faili juu ya benchi kwa mwenye muda wa kukaa. Kifaransa kipo kwa sababu Wakongo wanaokuja Kariakoo kuchukua mzigo ni wengi na tunataka wapite, na kusema kweli vitu vyenyewe ni vya kwao.

Nilikabidhiwa kurasa mbili za Kiingereza, nikaambiwa nitafsiri kisha nipunguze. Nikakataa, nikaomba nianze na ule mfupi. Ukipunguza maandishi marefu unabaki na sentensi za utangulizi, miaka na majina ya watafiti, kitu chenyewe kilicho kwenye kabati hakimo. Mfupi ni maandishi mengine kabisa, unajibu swali moja, lile linalomjia mtu akiangalia kioo.

Sasa tuchukue kabati la misalaba. Ni vipande vya shaba vyenye umbo kama herufi X, vimetoka makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, kwenye bonde la Upemba huko Kongo. Makaburi yale yalianza kuchimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957, na uchimbaji mwingine ukafanyika miaka ya 70. Misalaba hii ni ya takriban karne ya 13 hadi ya 18. Nilimwita jirani yangu aangalie picha bila maelezo yoyote, akasema moja kwa moja, "Hii si ya wamisionari?" Nikajaribu kwa wengine, wengi wanaenda hukohuko kwenye kanisa. Lakini Mkongo mmoja fundi simu alipoiona akacheka, akasema hiyo si ndiyo ile ya bendera, na ni kweli, Katanga ilipojitenga mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake na mwaka uliofuata ikaupiga msalaba huo kwenye sarafu zake. Mtalii naye hata hajui Katanga iko wapi.

Kwa hiyo ule mfupi hauwezi kuwa sawasawa kwenye lugha zote tatu. Wa Kiswahili unaondoa kwanza wazo la kanisa, wa Kifaransa unaanzia bendera anayoijua unamrudisha nyuma karne kadhaa, wa Kiingereza unaanza na mahali. Meneja wa maonyesho hakupenda, aliogopa tutakuwa tunasema vitu tofauti kwa watu tofauti. Ana hoja. Tukakubaliana na dada mwanaakiolojia aandike orodha ya mambo yasiyobadilika (mahali, umri, vilikokutwa, kinachojulikana na kisichojulikana) na maandishi yote tisa yakaguliwe kwa orodha hiyo, siyo kwa kulinganisha sentensi na sentensi.

Ugomvi mkubwa ukawa kwenye neno pesa. Maandishi ya mwanzo yalisema misalaba midogo "huenda ilitumika kama aina ya fedha". Kwenye mrefu hakuna shida, una nafasi ya kueleza. Ukifika kwenye mfupi kila mtu anataka kufuta ile huenda kwa sababu inakula nafasi, na hapo dhana ya mtafiti inageuka habari ya uhakika ukutani, mtoto wa shule ananakili kwenye daftari, imeisha hiyo. Dada mwanaakiolojia hakutaka kabisa. Mimi nilimuuliza tu, nyinyi mlijuaje? Akaeleza: ya zamani ni mikubwa kiasi na ni michache, mara nyingi iko kifuani. Ya baadaye ni midogo, inafanana sana, na inakutwa kwa mafungu karibu na mikono na kiuno. Yaani alichoeleza pale ni kifupi kuliko ile tahadhari na ni cha uhakika zaidi! Tukaliondoa neno pesa kwenye mfupi, tukaweka ushahidi:

Misalaba hii haihusiani na kanisa.
Ilikutwa makaburini Sanga, Kongo,
karibu na mikono ya marehemu.

Na wa kati ukawa hivi:

Shaba ilichimbwa mbali, upande wa kusini.
Iliyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu.
Misalaba ya mwanzo ni mikubwa na michache.
Ya baadaye ni midogo na inafanana,
na makaburini imekutwa kwa mafungu.
Vitu vinavyolingana ni rahisi kuhesabu.
Watafiti wengi wanaiona kama fedha.

Ule mkato wa mistari siyo ushairi jamani. Ni njia ya Margareta Ekarv wa Sweden, ya kuandikia mtu anayesoma amesimama: mstari usizidi herufi kama 45, na uishie pale ambapo msemaji angevuta pumzi. Kiswahili kinakubali vizuri ilimradi usitenganishe jina na kivumishi chake, maana ukiacha "misalaba" mwisho wa mstari na "midogo" mwanzo wa unaofuata jicho linarudi nyuma kutafuta. Kero yetu ni vitenzi virefu, ukiwa na "zilizochimbuliwa" na "vilivyokutwa" mstari mmoja umeshajaa hujasema kitu, ndiyo maana navunja sentensi.

Urefu nao tulikuwa tunaupima vibaya. Kibao cha kati kilipangiwa maneno 60 kila lugha, inaonekana ni haki, ila siyo. Kifaransa kinatumia maneno madogo madogo kila mahali, na "imekutwa" yetu moja kwao ni maneno manne hivi. Maneno 60 ya Kiswahili yanabeba habari nyingi zaidi na yanachukua ukuta mpana zaidi, ya Kifaransa yanaisha habari haijakamilika. Sasa tunahesabu mistari, kila lugha inapata mistari ileile kwa herufi za ukubwa uleule. Yule fundi wa kuchapa alishataka kupunguza herufi za Kifaransa ili kitoshe, nikamwambia hapana, tutafute cha kukata, mgeni akiona lugha yake ndogo kuliko zingine anaelewa amewekwa wapi.

Kujaribu tunajaribu kwa karatasi za kawaida, tunabandika ukutani na kusimama pembeni kimya. Siulizi kama umeelewa, kila mtu atasema ndiyo. Naangalia macho: akisoma kisha akarudi kuangalia kitu, au akanyoosha kidole kumwonyesha mwenzake, kibao kinafanya kazi. Akisoma mpaka mwisho akahamia kabati lingine bila kuangalia tena, pale tumempa kazi ya kusoma tu. Ule wa kati toleo la kwanza ulikuwa na jina la bonde, la mto Lualaba na la ziwa kwenye mistari miwili, watu wakaganda hapo. Majina hayo tukayahamishia kwenye mrefu na ramani ndogo ikaongezwa.

Mrefu umebaki Jumatatu. Huko ndiko nitaeleza fedha kwa kirefu na zile "huenda" zote zitarudi, na Kifaransa chake naandika upya maana hicho nilichonacho bado kinanukia Kiingereza.