Nilivyohariri kumbukumbu za mkunga na kumwachia sauti yake

Mswada ulikuwa wa kumbukumbu za mkunga mstaafu. Bibi huyo aliuandika kwa mkono daftarini, mjukuu wake akauchapa kwenye kompyuta, ndipo ukanifikia mimi na ombi fupi: "Tunaomba urekebishe sarufi tu." Hilo "tu" ndilo lililonipa kazi. Bibi anaandika jinsi anavyosimulia, na mtu anayesimulia vizuri huvunja kanuni nyingi za vitabuni bila kukosea lolote. Hapo hapo, makosa ya kweli yalikuwamo, tena mengi.

Usomaji wa kwanza huwa sigusi kitu. Nasoma mswada wote nikiwa na karatasi pembeni, na ninachoandika humo ni mazoea ya mwandishi: anaanzaje sura, anarudia nini, sentensi zake zina urefu gani, maneno gani hayatumii kabisa. Mhariri anayeanza kusahihisha ukurasa wa kwanza hajui bado kama kile anachokifuta kitajitokeza tena ukurasa wa arobaini kwa makusudi yale yale.

Karatasi hiyo ilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Katika sura za mwanzo bibi anasema "nikaenda", "akaenda". Kuanzia katikati anasema "nikenda", "akenda". Mwandishi mmoja habadiliki hivyo ghafla, kwa hiyo nikaomba picha za kurasa chache za daftari. Kumbe bibi aliandika "nikenda" mwanzo hadi mwisho, mjukuu ndiye aliyekuwa "akimsahihisha", kisha akachoka njiani. "Nikenda" si kosa. Ni umbo la zamani na bado lina wenyewe. Nikalirudisha kote. Tangu hapo sikubali kuhariri mswada uliochapwa na mtu mwingine kabla sijaona walau kurasa kadhaa za mkono wa mwandishi, maana kinachoonekana kuwa ni uzembe wake huenda ni bidii ya mtu mwingine.

Sasa tutazame aya moja kama ilivyokuwa:

"Nikaingia. Nikamkuta mama amelala chini, amefunika uso. Nikamuuliza uchungu umeanza saa ngapi. Akanyamaza. Nikamuuliza tena. Akanyamaza. Basi nikajua hii siyo uchungu wa kawaida, hii ni hofu. Masaa mawili tulikaa pale chini, mimi na yeye, na ile taa inazimika-zimika, na vifaa vyangu ambayo nilivileta havijatoka mkobani."

Mhariri mwenye haraka angepata pa kushika kalamu karibu kila mstari. Angeanza na "Nikaingia", kwa sababu tumefundishwa kwamba kiambishi -ka- hufuata kitendo kilichotangulia, hivyo simulizi lianze na "Niliingia". Lakini karatasi yangu ilikuwa inaonyesha kwamba sura zake karibu zote zinaanza hivyo. Anamwingiza msomaji katikati ya shughuli, kana kwamba yaliyotangulia tayari yameshasemwa. Ukiweka "Niliingia" sarufi inatulia na bibi anatoweka. Nikaiacha.

"Akanyamaza" iliyorudiwa sikufikiria hata kuigusa. Kuna wahariri wasiostahimili neno lijirudie ndani ya mistari miwili. Hapa wangeandika "hakujibu", na ule ukimya wa pili usingekuwa tena ukimya ule ule.

"Masaa" ndilo lililonisimamisha. Kwa usanifu, wingi wa saa ni saa, na wengi tumezoea kulipiga mstari neno "masaa" bila kufikiri. Jaribu basi kuandika: "Saa mbili tulikaa pale chini." Msomaji ataelewa kwamba ilipofika saa mbili walikaa. Ningeweza kuandika "kwa muda wa saa mbili", na hakuna ambaye angenilaumu, ila ni maneno ya ripoti, na bibi haandiki ripoti. "Masaa mawili" yanaeleweka papo hapo na hayana utata, kwa hiyo yakabaki. Mahali pengine alipoandika "nilifika masaa ya jioni" nilirekebisha ikawa "saa za jioni", maana pale hapakuwa na utata wowote wa kuepuka na sentensi haikupoteza kitu.

"Ile taa" nayo iko sawa. Kionyeshi kikitangulia nomino, mara nyingi huashiria kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakifahamu tayari, na taa hiyo ilishatajwa ukurasa wa nyuma. "Inazimika-zimika" niliiunganisha ikawa "inazimikazimika". Hilo ni suala la tahajia tupu. Sikio halisikii tofauti.

Tufike kwenye "vifaa vyangu ambayo". Hapa kile kipimo ambacho wengi hukitegemea, cha kuuliza kama jambo linajirudia, kinashindwa. Bibi ametumia "ambayo" kwa kila kitu, kitabu kizima: watu ambayo, vifaa ambayo, mahali ambayo. Kama kujirudia kungetosha kuwa mtindo, huu ungekuwa mtindo. Ninachojiuliza mimi ni kitu gani kitapotea nikirekebisha. Nikiondoa "Akanyamaza" ya pili napoteza ukimya. Nikibadilisha "ambayo" kuwa "ambavyo" sipotezi pumzi, mdundo wala maana, na msomaji anaondokewa na kikwazo, kwani jicho likisoma "ambayo" hutafuta nomino ya kuambatana nayo, likikosa hurudi nyuma. Hilo ni kosa, hata lijirudie mara ngapi.

Ila kulirekebisha nako kuna mtego wake. Mkono wangu ulikuwa unataka kuandika "vifaa nilivyovileta". Ni fupi zaidi, na mimi napenda urejeshi wa aina hiyo. Lakini bibi hautumii karibu kabisa; yeye ni mtu wa "amba-". Kilichokosewa ni silabi moja, basi nikabadilisha silabi moja: "vifaa vyangu ambavyo nilivileta". Kanuni yangu ni kuchagua sahihisho dogo kuliko yote yanayotosha. Kila ninapojikuta nimeunda upya sentensi nzima ili kuponya upatanisho mmoja, nafuta na kuanza tena.

Upatanisho nilikuwa nauandika moja kwa moja huku Track Changes ikiwa imewashwa, ili mwandishi aone kila nilipogusa. Pale nisipokuwa na hakika niliandika swali pembeni. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwandikia mtu mzima "Je, hii ni sahihi?", ama atakasirika ama atakubali kila kitu kwa unyenyekevu, na yote mawili hayakusaidii. Mimi huandika jinsi ninavyoielewa sentensi, kisha nauliza kama ndivyo alivyokusudia.

Swali lililozaa matunda kuliko yote lilihusu sentensi hii: "Nikamwosha mtoto, nikakata kitovu." Kisarufi haina doa. Lakini -ka- hupanga matukio kwa mfuatano, kwa hiyo inasema mtoto alioshwa kwanza, kitovu kikakatwa baadaye. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba vitendo vimebadilishana nafasi, na ningeweza kuvigeuza kimya kimya. Badala yake nikamwandikia: "Shikamoo bibi. Hapa naelewa kwamba mtoto alioshwa kabla kitovu hakijakatwa. Ndivyo ilivyokuwa?" Jibu likaja kupitia kwa mjukuu: "Mwanangu, nani anaosha mtoto kabla ya kukata kitovu? Nilimfuta. Mtoto akitoka unamfuta kwanza asipate baridi, halafu ndiyo kitovu." Mfuatano ulikuwa sahihi, neno ndilo lililoteleza. Ningegeuza vitendo ningekuwa nimetunga kosa jipya na kulitia jina lake. Ikawa "Nikamfuta mtoto, nikakata kitovu", mdundo ule ule.

Kwenye mazungumzo ya wahusika nililegeza kamba zaidi. Jirani anayesema "huyu anakujaga kila siku" nilimwacha na "-ga" yake, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema na msomaji anamsikia. Kwenye masimulizi ya bibi mwenyewe "-ga" ilijitokeza mara moja tu kitabu kizima, na alipoulizwa alisema imeponyoka, ikaondoka. Kitu pekee nilichopunguza midomoni mwa wahusika ni yale maneno ambayo mjukuu aliyachapa kwa kubadilisha r na l ili kuonyesha lafudhi ya mgonjwa fulani. Daftarini hayakuwamo. Mhusika unaweza kumtambulisha kwa msamiati wake na mpangilio wa maneno yake. Tahajia iliyoharibiwa kwa makusudi humfanya achekwe, na bibi hakuwa anamcheka mtu.

Nilipomaliza nilifanya ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa kusoma kwa sauti, aya ya daftari kisha aya yangu. Dalili ya kwamba nimezidisha huwa ni sentensi kuanza kulingana urefu. Bibi ana sentensi za neno moja zikifuatwa na moja ndefu isiyotaka kuisha. Nikisikia zote zimekuwa za wastani najua mkono wangu umepita hapo. Ukaguzi wa pili ni kujitafuta mwenyewe. Nina maneno yangu, "aidha", "hata hivyo", "hivyo basi", na kwa ile karatasi ya mwanzo nilijua kwamba bibi hatumii hata moja. Nikaandika "aidha" kwenye kisanduku cha kutafuta. Ilikuwamo, pahali nilipounganisha aya mbili. Nikaitoa na kurudisha "Tena" yake.

Ikabaki ile "hii siyo uchungu wa kawaida, hii ni hofu". Uchungu ni wa ngeli ya U, kwa hiyo nilikuwa nimependekeza "huu si uchungu wa kawaida, hii ni hofu", na nilidhani hapo hapana mjadala. Bibi alikataa. "Nikisema huu, nimeshajua kuwa ni uchungu," alisema. "Mimi nilikuwa sijajua ni kitu gani. Hii. Hii hali." Alikuwa na hoja: "hii" ya kwanza haionyeshi uchungu, inaonyesha jambo lililokuwa mbele yake, na ya pili inaonyesha jambo lile lile. Sahihisho langu lilikuwa linaligawa mara mbili. Nikalifuta, na kwenye karatasi ya maamuzi iliyokwenda pamoja na mswada kwa msoma prufu nikaandika: "hii siyo uchungu: hii ni hali, iachwe." Prufu ziliporudi msoma prufu alikuwa amelizungushia duara jekundu hata hivyo, na pembeni, kwa mkono ule ule, amelikata duara na kuandika "sawa, nimeona".