Hisa za nkambo: namna nilijua kama kampuni ingaliko

Nkambo alikuwa na karatasi za Union Minière du Haut-Katanga mu valizi, aliuliza kama kampuni ingaliko. Hapa Lubumbashi wengi banasema ilikufa 1967 serikali ilipochukua migodi, kumbe upande wa Ubelgiji uliendelea, na tangu 2001 jina njo Umicore. Nikaangalia karatasi yenyewe sasa: haina jina la mwenyewe, imeandikwa «au porteur», na tukuponi twa faida hatujakatwa. Shida njo hapo, juu Ubelgiji ilifuta hisa za bila jina, mwisho wa kuzibadilisha 2013, kisha faini ya 10% kila mwaka kuanzia mwisho wa 2015, maana miaka kumi inakula yote. Kampuni iko, feza hapana. Wakusanyaji wa karatasi za zamani tu ndio wananunua.