Siku Moja Kazini: Taa za Karamu Chini ya Mkungu, Kusi Likivuma

Saa mbili asubuhi, Jambiani, mwezi wa nane. Leo kuna chakula cha usiku cha watu 32 chini ya mkungu mkubwa, hatua chache kutoka ufukweni. Umeme haufiki pale, na jenereta hatuitaki kwa sababu ya kelele. Taa zote ni za betri: kandili 17 za kazi na 3 za akiba, pamoja na nyuzi 6 za taa za mapambo, kila uzi mita 10 wenye vitaa 100 kwenye waya mwembamba wa shaba.

Pwani hii ya mashariki ya Unguja inalitazama Kusi moja kwa moja. Linatoka baharini upande wa kusini-mashariki bila kizuizi, hukaza mchana na mara nyingi hulegea kidogo usiku. Mimi sipangi kwa kutegemea kulegea kwake. Napanga kwa upepo wa saa tisa alasiri, kwa sababu wenyewe hurudi hata saa mbili za usiku wageni wakiwa wamekaa.

Kabla ya kufungua sanduku hata moja, nauzunguka mti. Mkungu unafaa kuliko miti mingi ya pwani: matawi yake hutoka kwa ngazi na kulala karibu usawa, kwa hiyo pa kufungia papo. Mvinje huyumba wote kuanzia juu, na chini ya mnazi hatuketishi mtu kwa ajili ya nazi. Natafuta matawi makavu, kisha natafuta majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko, maana hiyo ni nyumba ya majimoto, wale sisimizi wanaouma. Tawi lenye majimoto naliacha kabisa. Ukifunga uzi hapo watashuka nao hadi mezani.

Halafu naweka kiganja kwenye kila tawi ninalolitaka na kusubiri vishindo vitatu vinne vya upepo. Tawi likienda zaidi ya upana wa kiganja, halibebi kandili. Linaweza kubeba taa za mapambo tu.

Saa nne. Kazi ya betri, na hii ndiyo huamua usiku utakavyokuwa. Kila kiboksi cha uzi kinakula betri 3 za AA, kwa hiyo nyuzi 6 ni betri 18. Napima moja moja kwa testa. Betri mpya ya kawaida husoma kama volti 1.5 au kuzidi kidogo, ikisoma 1.3 imekwisha nguvu nyingi na naitoa. Sichanganyi mpya na kuukuu ndani ya kiboksi kimoja. Ile dhaifu huisha mapema, zile mbili nzima zinaendelea kuisukuma umeme kinyume, na mwisho inavuja maji yake na kula vyuma vya kiboksi. Betri za kuchaji ni volti 1.2 kila moja, kwa hiyo uzi huwaka hafifu kidogo tangu mwanzo. Ukizitumia, zitumie kwenye nyuzi zote, la sivyo upande mmoja wa mti utaonekana umefifia.

Wengine hupenda nyuzi za USB na pawabenki. Shida yake ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana, na uzi mmoja wa mapambo huvuta kidogo mno. Utawasha, utaondoka, na baada ya muda mfupi giza. Unganisha nyuzi tatu nne kwenye pawabenki moja, kisha iache iwake nusu saa ukiiangalia kabla ya kuiamini.

Saa tano na nusu nawasha kila kitu kwa majaribio, na hapa pana mtego unaowapata wengi. Viboksi vingi vina taima ya saa sita: ukibonyeza, uzi unawaka kwa muda wa saa sita, unakaa umezima kwa muda wa saa kumi na nane, kisha unawaka tena kesho yake saa ileile. Ukijaribu saa tano na nusu ukaiacha taima, uzi utazima saa kumi na moja na nusu jioni, wakati ambao wageni wanaanza kufika, na utadhani betri zimekufa. Baada ya majaribio nazima kabisa hadi kitaa cha taima kizimike. Jioni nawasha bila taima, na bila kumetameta. Upepo unatosha kutikisa mwanga, hauhitaji msaada.

Saa saba hadi saa tisa ni kufunga. Nyuzi za mapambo zinatangulia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuvuta uzi kutoka tawi moja hadi jingine kama kamba ya kuanikia nguo. Matawi mawili hayaendi pamoja. Moja likienda huku jingine linarudi, na waya wa shaba wenye unene wa uzi wa kushonea unakatika. Uzi wangu unabaki kwenye tawi moja, umezungushwa. Hesabu yake ni rahisi. Shina hili lina mzunguko wa sentimita 120. Nikiacha sentimita 15 kati ya duru na duru, mita 10 zinanipa duru 8 tu, yaani kimo cha mita 1.2. Tawi lenye mzunguko wa sentimita 30, kwa nafasi ileile, uzi mmoja unafunika mita 4 na nusu. Ndiyo maana shina nalipa uzi mmoja tu, kuanzia usawa wa kifua kupanda juu, na nyuzi tano zinakwenda kwenye matawi yaliyo juu ya meza.

Mahali pa kukatikia ni palepale kila mara: pale waya unapotoka kwenye kiboksi. Kiboksi kikining'inia, kila kishindo kinakipiga na waya unakunjwa palepale mara elfu. Nafunga kiboksi kwenye shina kwa kamba ya nailoni, mfuniko ukitazama chini ili mvua isiingie. Kisha kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye kiboksi nafunga waya kwenye tawi kwa ukambaa, nikiacha kipande cha katikati kimelegea. Hicho kipande kilicholegea ndicho kinachouokoa uzi.

Saa tisa, kandili za juu. Taa za mapambo zinaupamba mti, ila haziwaonyeshi wageni mwiba wa samaki. Leo wanakula changu wa kuchoma, na mtu lazima aone anachokitia kinywani. Kandili tatu ziko juu, mita 2 kutoka ardhini, ili anayesimama asigonge kichwa na anayekaa asitazamane nazo.

Kandili iliyotundikwa kwa kamba moja inabembea, na ikibembea, vivuli vya glasi na mikono vinakimbia juu ya sahani zote. Baada ya dakika kumi watu wanasugua macho bila kujua sababu. Dawa yake ni kamba mbili zinazokutana kwenye kishikio kama herufi V. Na hiyo V ina upande wake. Inazuia kubembea kwa kufuata mstari wa kamba zake tu. Kwa upande mwingine inabembea kama kawaida. Kwa kuwa Kusi linatoka kusini-mashariki, sehemu moja ya kufungia iwe kusini-mashariki na nyingine kaskazini-magharibi. Ukiifunga kukingama na upepo, umefanya kazi bure. Halafu natoa mshipi wa kuvulia samaki kutoka kwenye kitako cha kandili hadi tawi la chini upande upepo unakotoka, nauvuta kidogo tu. Hauonekani usiku, na vishindo haviinui tena taa. Kuning'iniza kifuko cha mchanga chini ya kandili kunaituliza pia, lakini kivuli chake kinaanguka katikati ya meza.

Saa kumi, meza. Ziko mbili, kila moja mita 5, watu 16. Naweka kandili moja kwa kila watu wanne, basi nne kila meza, jumla 8. Ziwe fupi, zisipite sentimita 25, kwa sababu taa iliyo usawa wa macho inamficha aliyekaa mbele yako. Ndani ya kitako cha kila moja namimina mchanga mkavu hadi itulie. Nailazimisha kuanguka kwa kuvuta kitambaa cha meza: ikiyumba, naongeza. Zote ni za mwanga wa njano. Mweupe wenye ubuluu huita wadudu zaidi, na samaki anaonekana kama hajaiva.

Zilizobaki ni sita: mbili meza ya kupakulia, moja pa kunawia mikono, tatu njia ya kwenda chooni, zikiwa chini kabisa kando ya njia. Jiko la mkaa limewekwa kaskazini-magharibi ili moshi uende zake.

Saa kumi na mbili kasorobo nawasha zote. Jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika 25, lakini hapa linazama nyuma ya ardhi, na chini ya mkungu giza huingia mapema. Huku kwetu magharibi haikai; baada ya dakika 20 hivi huoni fundo ulilolifunga. Lolote la kurekebisha lirekebishwe sasa.

Saa moja usiku. Mpishi ananiita kutoka jikoni: "Mwanangu, hapa sioni kama huyu ameiva au vipi."

Kandili ya kupakulia iko nyuma yake, kwa hiyo anajikinga mwanga mwenyewe na kivuli chake kinaanguka juu ya samaki. "Haya bibi, nakuletea ya akiba." Naifunga kwenye mti wa ng'ambo ya jiko, mbele yake, usawa wa bega. Akiba ya pili inabaki karibu na shina, ya tatu mfukoni mwa mhudumu.

Kuanzia saa mbili kazi yangu ni kutazama meza, si taa. Nikiona kivuli cha glasi kinatembea, mshipi umelegea. Kandili ikianza kufifia naibadilisha nzima palepale, sifungui betri mbele ya wageni.

Saa nne na nusu wageni wameondoka. Nyuzi zinafunguliwa kwa kufuata duru kinyume, bila kuvuta, na kila uzi unazungushwa kwenye kipande cha boksi. Ukiuzungusha mkononi utaufungua kesho kwa saa nzima. Betri zinatolewa zote. Viboksi na kandili nazifuta kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu, maana chumvi ya upepo huu huacha ukungu wa kijani kwenye vyuma vya betri ndani ya siku chache. Mwisho nahesabu: nyuzi 6, kandili 20, betri 18 za nyuzi, mishipi 3. Mishipi ndiyo husahaulika mtini, na popo wa mkungu hunasa humo.