Uzoefu wangu: nilivyotengeneza seti ya majaribio ya kulinganisha prompti kabla ya kuitoa mpya

Chatboti ninayoitunza inapokea maombi ya tiketi za mabasi ya mikoani kwa WhatsApp. Mteja anaandika anakotaka kwenda, siku na saa. Modeli inasoma ujumbe, inaita zana ya kutafuta safari, kisha inamjibu. Mwenendo wake wote unatawaliwa na prompti ya kurasa mbili hivi, na ugumu uko hapo hapo: sentensi moja ukiiongeza ili kurekebisha kosa la saa, inaweza kuharibu namna chatboti inavyoshughulikia idadi ya siti. Kuijaribu kwa kuandika jumbe tatu nne na kutazama majibu hakutoshi, kwa sababu utaandika ujumbe unaohusu kile ulichobadilisha, na uharibifu utatokea mahali ambapo hukutazama.

Nilianza na mazungumzo halisi ya wateja. Majina na namba za simu viliondolewa kwanza na kuwekwa vya kubuni, kwa sababu faili la majaribio husambaa kwa watu wengi kuliko kanzidata, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Humo nilichagua visa 80. Sikuvichukua kwa bahati nasibu, kwa maana sampuli ya namna hiyo ingejaa "Habari, kuna gari la Moro?" na kukosa kabisa ujumbe unaoleta makosa. Nilivigawa katika makundi: maombi yaliyokamilika, saa, tarehe, mteja anayebadili mawazo katikati, mambo yasiyohusu safari, na malalamiko. Kundi la saa nililipa visa vingi kuliko uwiano wake, kwa kuwa mteja aliyekatiwa tiketi ya saa isiyo yake anagundua akiwa stendi, gari limeshaondoka.

Modeli hizi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, na saa zetu zinazivuruga kwa namna nyingi tofauti. "Saa mbili asubuhi" ni 08:00, na hiyo mara nyingi inapatikana. "Saa kumi na mbili" bila neno la wakati inaweza kuwa 06:00 au 18:00. "Saa 8 mchana" ni 14:00, lakini mteja akiandika "saa 8 asubuhi" karibu hakika anasoma saa ya simu na anamaanisha 08:00, kwa sababu kwetu saa nane haina asubuhi. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" ni Ijumaa usiku. "Kesho saa saba usiku" ni mtego mkubwa zaidi: wapo wanaomaanisha saa moja baada ya kesho kuanza kwa hesabu ya kalenda, na wapo wanaomaanisha usiku unaofuata mchana wa kesho. Wanapishana kwa siku nzima.

Majibu sahihi sikuyaandika mwenyewe. Wakata tiketi wawili waliandika, kila mmoja peke yake, wangemwelewaje mteja huyo dirishani. Walipokubaliana, hilo ndilo likawa jibu linalotarajiwa. Walipotofautiana, jibu linalotarajiwa likawa kwamba chatboti iulize, maana kama watu wawili wanaofanya kazi hiyo kila siku wanaelewa tofauti, modeli haina haki ya kukisia.

Kila kisa ni mstari mmoja katika faili. Hapa nimekikata mistari ili kisomeke:

```json
{"id": "saa-014", "kundi": "kamili",
 "sasa": "2025-03-12T10:00",
 "ujumbe": "Nataka siti 2 Dodoma kesho saa mbili asubuhi",
 "tarajia": {"zana": "tafuta_safari", "kwenda": "Dodoma",
   "tarehe": "2025-03-13", "saa": "08:00", "siti": 2}}
```

Sehemu ya `sasa` ndiyo inayoshikilia seti isioze. Skripti inaipa prompti tarehe hiyo badala ya tarehe ya leo. Bila hivyo, "kesho" ya kisa hiki ingekuwa na jibu jipya kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo, zana ya kutafuta safari wakati wa majaribio haigusi mfumo halisi. Inarudisha ratiba na nauli zilezile nilizoziandika kwenye faili. Nauli halisi ikipanda, au basi likiondolewa njiani, seti haianzi kuonyesha makosa ambayo prompti haihusiki nayo.

Kisa cha mteja anayebadili mawazo kina utata wake. Ukiiacha chatboti iendeshe mazungumzo yote upya, jibu lake la pili linaweza kutofautiana na lile ambalo mteja alilijibu kwa "hapana, si kesho, kesho kutwa", na ujumbe wa mteja hautaeleweka tena. Kwa hiyo nimeyagandisha mazungumzo yote ya nyuma, pamoja na majibu ya chatboti kama yalivyokuwa, na ninapima jibu la mwisho pekee.

Upimaji wenyewe unafanywa na programu ya kawaida popote inapowezekana. Imeita zana sahihi? Tarehe, saa na siti ni zilezile? Kama ilitakiwa kuuliza, je, haikuita zana, na jibu lina swali? Kwa visa visivyohusu safari, ninakagua kwamba hakuna nauli wala ahadi ya kurudisha pesa iliyotajwa. Ni visa vichache tu vya malalamiko, ambako ubora ni adabu na uwazi, nilivyompa modeli nyingine ahukumu, nami nilianza kwa kulinganisha hukumu zake na za watu juu ya majibu yaleyale. Hakimu wa namna hii hupendelea jibu refu. Akipewa majibu mawili pamoja, mpangilio nao unamyumbisha, kwa hiyo anaulizwa mara mbili, nafasi zikiwa zimebadilishwa, na akijipinga hukumu hiyo haihesabiki.

Modeli hiyohiyo, kwa prompti hiyohiyo na ujumbe huohuo, inaweza kujibu tofauti leo na dakika tano baadaye. Kuweka `temperature` kuwa 0 kunapunguza hali hiyo lakini hakuiondoi. Kwa hiyo kila kisa kinaendeshwa mara 5 kwa prompti ya zamani na mara 5 kwa mpya, kwa mpangilio uleule unaotumika kwa wateja na kwa jina kamili la toleo la modeli. Jina la jumla linaweza kuelekezwa kwenye toleo jipya bila wewe kujua, na hapo utailaumu prompti kwa kosa la modeli. Kisa kinahesabiwa kimefaulu kikipita angalau mara 4 kati ya 5.

Kati ya visa 80, nilifungia 20 kando na kuvichanganya makundi yote. Hivyo sivitazami wakati wa kurekebisha prompti. 60 vilivyobaki ndivyo vya kazi.

Badiliko lililoonyesha vizuri thamani ya seti hii lilikuwa dogo. Prompti ya zamani ilisema: "Geuza saa za Kiswahili ziwe za mfumo wa saa 24." Mpya iliongeza jedwali la kugeuza saa, na sentensi hii: "Kama huna uhakika na saa, muulize mteja kwanza." Kwa visa 60 vya kazi, ya zamani ilifaulu 47 na mpya 50. Anayetazama jumla peke yake angeitoa.

Mimi hutazama kwanza visa vilivyogeuka. Hapa vilikuwa 11: 7 vilitoka kushindwa vikafaulu, na 4 vilitoka kufaulu vikashindwa. Vilivyobaki havisemi lolote kuhusu tofauti ya prompti hizi mbili. Kama prompti zingekuwa sawa kabisa, kila kisa kilichogeuka kingekuwa kama sarafu iliyorushwa; na sarafu 11 hutoa mgawanyo wa 7 kwa 4, au ulioegemea upande mmoja zaidi ya huo, katika zaidi ya nusu ya majaribio. Nyongeza ile ya visa 3 haikuwa ushahidi wa lolote.

Ushahidi ulikuwa katika kuvisoma. Saba vilivyopona vyote ni vya saa zisizo na neno la wakati, kama tulivyokusudia. Vinne vilivyoharibika vyote vilikuwa katika kundi la maombi yaliyokamilika, `saa-014` kikiwemo. Mteja alishasema asubuhi, na chatboti ikamjibu: "Unamaanisha saa mbili asubuhi au usiku?" Kundi hilo ndilo wateja wanaloandika zaidi kila siku, kwa hiyo visa vinne humo vinabeba uzito mkubwa kuliko saba vya saa tata. Ndiyo maana ripoti yangu inatoa matokeo kwa kila kundi, na kanuni ya kutoa prompti ni kwamba kundi la maombi yaliyokamilika lisipoteze hata kisa kimoja.

Chanzo kilikuwa maneno "huna uhakika". Modeli haina kipimo thabiti cha uhakika wake. Ukiiambia iulize ikiwa na shaka, inaona shaka kila mahali penye saa. Tuliyaondoa, tukaweka sharti linaloonekana katika maandishi yenyewe: "Uliza pale tu ambapo mteja hakutaja alfajiri, asubuhi, mchana, jioni wala usiku." Ilipoendeshwa tena, vile 7 vilibaki vimepona na hakuna kilichoharibika ukilinganisha na prompti ya zamani. Kwa sarafu, 7 kwa 0 upande wowote hutokea chini ya mara 2 katika 100.

Hapo ndipo visa 20 vilivyofungiwa vinafunguliwa, kwa sababu sharti lile tuliliandika tukiwa tumeshaviona vile 60 na huenda limevifaa hivyo tu. Ninachotafuta humo ni kundi lililoshuka. Visa 20 ni vichache mno kuthibitisha maendeleo, lakini vinatosha kufichua uharibifu mkubwa. Kikishindwa kimoja, sikirekebishii prompti moja kwa moja. Ninaandika kisa kingine cha aina hiyo upande wa kazi na kurekebisha kwa hicho, la sivyo sanduku lililofungwa linageuka seti ya mazoezi. Ndivyo pia ilivyo kwa mifano inayowekwa ndani ya prompti: hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kufanana na kisa cha seti. Skripti inatafuta maneno ya kila kisa ndani ya prompti kabla ya kuanza, na ikiyakuta inasimama.

Baada ya kutoa, lalamiko la mteja likija, linaingia kwenye seti kabla ya mtu yeyote kugusa prompti, na linaendeshwa kwa prompti iliyopo ili kuona kwamba kweli linashindwa. Mara kadhaa linapita 5 kwa 5. Hapo kosa halimo katika prompti, na pa kutafuta ni kwenye ratiba iliyorudishwa na zana, au kwenye historia ya mazungumzo iliyokatwa kwa kuwa ndefu.