Buluu ya fosfeti na buluu ya silika: nilivyozitenganisha katika maji ya chemchemi, Kigoma

Chupa moja ya maji ya chemchemi kutoka miteremko ya upande wa Mwandiga iligawanywa katika sehemu mbili. Sehemu moja nikaipima mimi mjini Kigoma, na nyingine akaipima mwenzangu katika maabara nyingine kwa njia ileile ya buluu ya molibdeni. Mimi nilipata fosforasi ya miligramu 0.024 kwa lita, naye akapata karibu 0.08. Tofauti ya zaidi ya mara tatu haiwezi kuelezwa kwa mkono kutetemeka kwenye pipeti, hasa kwa kuwa maji ya ziwa tuliyokuwa tukibadilishana mara kwa mara yalitupa majibu yanayolingana. Ilibidi nitafute ni kitu gani kilichomo katika maji ya chemchemi na hakimo katika maji ya ziwa.

Njia tuliyotumia ni ile iliyotolewa na Murphy na Riley mwaka 1962. Fosfeti inakutana na molibdeti ndani ya asidi kali, zinaungana kuwa kiwanja kimoja kikubwa, kisha kipunguzi, yaani asidi askobiki, kinakigeuza kiwanja hicho kuwa na rangi ya buluu. Antimoni kidogo huongezwa ili kazi hiyo ikamilike kwa dakika chache bila kuchemsha. Mimi huchanganya mililita 50 za asidi ya salfuriki ya normali 5, mililita 5 za myeyusho wa tartareti ya antimoni na potasi, mililita 15 za molibdeti ya amonia yenye gramu 40 kwa lita, na mwisho mililita 30 za asidi askobiki ya gramu 1.76 katika mililita 100. Kila kimoja hutiwa kwa zamu hiyo na kukorogwa kabla ya kinachofuata. Mchanganyiko huu haudumu zaidi ya saa nne, kwa hiyo hutengenezwa asubuhi ya kazi na hauwekwi kwa ajili ya kesho. Katika mililita 50 za sampuli iliyochujwa natia mililita 8 za mchanganyiko kwa mara moja, kisha nasoma ukolezi wa rangi kwa mashine ya kupimia mwanga, kwenye nanomita 880, baada ya dakika 10 na kabla ya dakika 30 kupita.

Shida ni kwamba silika nayo hufanya vilevile. Silika iliyoyeyuka katika maji huungana na molibdeti, na kipunguzi kikiikuta imekwisha kuungana, huigeuza kuwa buluu ambayo macho hayawezi kuitofautisha na ile ya fosfeti, wala mashine haiwezi. Kinachotuokoa ni mambo mawili. La kwanza ni asidi: silika huungana na molibdeti vizuri pale asidi inapokuwa hafifu, lakini asidi ikiwa kali huungana polepole mno, wakati fosfeti haisumbuki sana na ukali huo. La pili ni muda: fosfeti humaliza kazi yake ndani ya dakika chache, silika huendelea kujikokota. Ndiyo sababu kipunguzi hutiwa pamoja na molibdeti, au hata kabla yake, ili fosfeti ipate buluu yake na usomaji ufanyike kabla silika haijafika mbali.

Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana silika kidogo sana kwa sababu mwani wa aina ya diatomu huitumia kujenga maganda yake. Maji ya chemchemi yamepita ndani ya miamba na udongo, nayo hubeba silika nyingi. Nilipopima silika ya chemchemi ile kwa njia yake yenyewe nilipata miligramu 22 za silikoni kwa lita, karibu mara elfu moja ya fosforasi niliyokuwa nimeisoma. Kwa uwiano kama huo, hata sehemu ndogo kabisa ya silika ikigeuka buluu, jibu la fosfeti limeharibika.

Nilimpigia mwenzangu nikamwomba anisomee daftari lake la siku ile, si jibu la mwisho bali kila usomaji na saa yake. Mambo mawili yalinishtua. Kwanza, yeye alitia asidi na molibdeti katika mirija yote iliyokuwa mezani, kisha akarudi mwanzo wa safu na kutia asidi askobiki mrija mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo mirija ya mwisho ilikaa karibu robo saa na molibdeti pekee kabla ya kipunguzi kufika. Pili, maji matupu, yaani maji yaliyokenekwa yasiyo na fosfeti yoyote, yalisoma ukolezi wa rangi wa 0.045 katika kiveti, yaani kichupa cha kupimia rangi, cha sentimita 5, ilhali yangu husoma 0.006. “Kaka, mimi nilidhani ni uchafu wa vyombo,” aliniambia, “nikawa naitoa tu kwenye kila jibu.”

Maji matupu yenye buluu hustahili kuulizwa maswali kabla ya kutolewa katika hesabu. Yanaweza kuwa na uchafu, hasa chombo kikiwa kimeoshwa kwa sabuni yenye fosfeti, na ndiyo maana sisi huosha vyombo hivi kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 na maji yaliyokenekwa, bila sabuni kabisa. Lakini kuna sababu nyingine: asidi ikipungua, kipunguzi huanza kuigeuza molibdeti yenyewe kuwa buluu, pasipo fosfeti wala silika. Nikamwomba anisomee jinsi alivyotengeneza asidi. Maelekezo aliyoyafuata yalitaja “2.5”, naye alichukua namba hiyo kuwa normali, wakati iliyokusudiwa ilikuwa moli 2.5 kwa lita, ambayo kwa asidi ya salfuriki ndiyo normali 5. Badala ya mililita 70 za asidi kali katika ujazo wa mililita 500, alikuwa ametia 35. Asidi yake ilikuwa nusu.

Hapo nilikuwa na washukiwa wawili, asidi pungufu na kipunguzi kilichochelewa, na sikutaka kumhukumu mmoja bila kumpima mwenzake. Niliyapima maji yale ya chemchemi kwa namna nne: asidi kamili na kipunguzi papo hapo; asidi kamili na kipunguzi baada ya dakika 15; asidi nusu na kipunguzi papo hapo; asidi nusu na kipunguzi baada ya dakika 15. Kila namna ilikuwa na maji matupu yake, na kila mrija ulisomwa mara mbili, dakika ya 10 na dakika ya 30 tangu kipunguzi kilipotiwa.

Baada ya kutoa maji matupu, namna ya kwanza ilisoma 0.074 kisha 0.075, yaani rangi ilisimama. Kwa mteremko wa mstari wangu wa viwango, ambao ni 3.1 kwa kila miligramu moja kwa lita katika kiveti kile, hiyo ni 0.024. Namna ya pili ilisoma 0.081 kisha 0.086. Namna ya tatu ilisoma 0.118 kisha 0.171, yaani rangi iliendelea kupanda huku natazama. Namna ya nne ilianza juu kabisa, 0.236, ikafika 0.262, na 0.236 ukiigawa kwa 3.1 unapata 0.076, jibu la mwenzangu.

Kwa maoni yangu namna ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba kutia kila kitu kwa pamoja hakutoshi kama asidi ni pungufu. Namna ya pili nayo inaonyesha kwamba asidi sahihi huvumilia kuchelewa kwa kiasi, ingawa si bure. Makosa mawili yakikutana hayajumlishiki tu, bali moja humfungulia mwenzake mlango: asidi hafifu huiruhusu silika iungane, na kuchelewa kwa kipunguzi huipa nafasi ya kuungana kwa wingi.

Ili kuhakikisha kwamba ni silika kweli, nilirudia namna zote nne kwa maji ya juu ya ziwa kutoka nje ya ghuba ya Kigoma, niliyoyaongezea fosfeti mpaka yafikie fosforasi ya karibu 0.025. Zote nne zilitoa majibu yaliyokaribiana. Kisha nikatia silikati ya sodiamu katika maji yaliyokenekwa, ndani ya chupa ya plastiki kwa kuwa kioo chenyewe hutoa silika, na namna ya nne ikapanda bila kuwamo fosfeti hata kidogo. Kwa hiyo maji ya ziwa hayakuweza kamwe kutuonyesha kasoro hii, hata tungelinganisha majibu mwaka mzima. Wapo wanaodhani kwamba uchungu wa magadi wa Tanganyika ndio unaokula asidi ya mchanganyiko. Lakini magadi hayo hayafiki hata sehemu ndogo ya asidi tunayotia, na hayawezi kuleta upungufu wa nusu.

Tangu hapo kila sampuli ya kisima, chemchemi au mto kama Luiche naisoma dakika ya 10 na dakika ya 30. Usomaji ukisimama, nauamini. Ukipanda, siutoi mpaka nijue kwa nini, kwa maana si silika peke yake inayopanda polepole: aseneti nayo huungana na molibdeti na kuleta buluu ya kuchelewa, na hiyo haiondoki kwa kurekebisha asidi, bali hudai kwanza igeuzwe kwa thiosalfeti ya sodiamu. Joto pia huharakisha silika, hivyo sipashi mirija moto ili kuwahi kazi. Mirija naianza kwa kupishana dakika moja na kuisoma kwa kupishana hivyohivyo, si zaidi ya kumi kwa mkupuo, ili wa kwanza na wa mwisho wawe na umri mmoja wanapofika kwenye mashine.

Mwenzangu aliuliza kama majibu yake ya zamani ya chemchemi na visima yanaweza kurekebishwa kwa kugawa kwa namba moja. Hayawezi. Kiasi cha silika kilichogeuka buluu kilitegemea silika ya kila sampuli na nafasi ya mrija katika safu, na daftari halikuandika safu ilivyopangwa. Tuliyafuta majibu hayo, tukabaki na yale ya ziwa, na maji ya chemchemi yakatekwa upya.